Kabla Uulize Bei ya Trei, Uliza Yai Moja Limekula Pesa Ngapi

Wasee, leo naanza na kukiri kosa. Kuna vidio nilipiga mwaka jana nikiwa kwa banda la kuku la mathe, huku Kitengela, ikasambaa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Nilisimama katikati ya kuku 200 wa mayai, hao tunaita leyas, nikasema: "Trei tano kwa siku. Trei ni 330. Piga hesabu mwenyewe. Hiyo ni 49,500 kwa mwezi, na mimi nimelala."

Hesabu ya kuzidisha ilikuwa sawa. Shida ni kwamba hiyo 49,500 ilikuwa mauzo, na mimi niliitangaza kama mshahara. Juzi komredi mmoja tuliyekuwa naye chuoni kabla niache ameniandikia kwamba anataka kuchukua pesa yake ya HELB anunue vifaranga 100, kwa sababu ya ile vidio. Wakati huohuo mathe alikuwa anajiandaa kukopa kwa chama aongeze kuku 300. Hapo ndipo nilishtuka. Watu wawili walikuwa karibu kuingiza pesa ya deni kwenye biashara ambayo hakuna mtu, hata mwenyewe, alikuwa anajua inaleta ngapi.

Msimamo wangu ni huu: mtu anayefuga kuku wa mayai na hajui yai moja limekula chakula cha shilingi ngapi, hajui kama anapata faida au anapata hasara. Bei ya trei haimwambii. Bei ya gunia haimwambii. Wacha nikuonyeshe kwa hesabu ya mathe mwenyewe, ameniruhusu.

Mathe alikuwa na hesabu yake kichwani, na inafanana na ya wafugaji wengi wa hapa kwetu. Gunia la kilo 70 la chakula cha leyas tunanunua 3,500. Anasema gunia moja hukaa siku tatu. Siku tatu ni trei kumi na tano, yaani 4,950. Toa 3,500, unabaki na 1,450. Kwa hivyo kila siku kuku wanamwachia karibu 480, na kwa mwezi ni kama 14,500. Si mbaya kwa kitu kiko nyuma ya nyumba.

Nikamuuliza, "Mathe, hizo siku tatu nani alizihesabu?"

"Sasa wewe kijana, mimi si ndiye nanunua?"

Ni kweli yeye ndiye hununua. Lakini hununua akipita kwa duka, mara gunia moja, mara mawili, na lile la zamani linakuwa bado halijaisha. Ukinunua hivyo huwezi kujua gunia limekaa siku ngapi. Unakisia tu.

Kwa hivyo tulipima kwa wiki moja, na hii njia unaweza kuanza nayo kesho. Unahitaji mizani ya kuning'iniza, daftari na kalamu. Jumatatu asubuhi kabla ya kulisha, pima chakula chote kilichopo, pamoja na kilichobaki kwenye vyombo. Kila gunia linaloingia, lipime pia, usiamini tu maandishi ya nje. Kila siku andika mambo matatu: kuku wangapi wako hai, mayai mangapi yameokotwa, na mangapi yameuzika. Jumatatu inayofuata, saa ileile, pima tena kilichobaki. Ulichoanza nacho ukijumlisha na ulichonunua, ukitoa kilichobaki, ndicho kilichotumika.

Kwa wiki hiyo chakula kilichotumika kilikuwa kilo 196. Gunia la 3,500 lenye kilo 70 linamaanisha kilo moja ni 50, kwa hivyo wiki imekula 9,800. Mayai yaliyookotwa yalikuwa 1,062, lakini 12 yalikuwa yamepasuka, tukala wenyewe. Yaliyouzika ni 1,050, trei 35 kamili. Gawanya kwa hayo yaliyouzika, kwa sababu yai lililopasuka limekula chakula kama yale mengine lakini halikuleta shilingi.

9,800 gawanya kwa 1,050. Kila yai limekula 9.33.

Yai hilohilo tunaliuza 11, kwa sababu trei ya mayai 30 ni 330. Kwa hivyo baada ya chakula tu, yai linatuachia 1.67. Zidisha kwa mayai 150 ya siku, unapata kama 250. Ile 480 ya kichwani mwa mathe ilikuwa imepungua karibu nusu, na bado hatujagusa gharama nyingine. Ukiangalia utaona gunia halikuwa linakaa siku tatu. Lilikuwa linakaa siku mbili na nusu. Nusu siku hiyo ndiyo ilikuwa inabeba pesa.

Sasa gharama nyingine. Ya kwanza watu wengi huisahau kabisa, kwa sababu ililipwa zamani. Kuku wa mayai hazaliwi akitaga. Kutoka kifaranga cha siku moja hadi aanze kutaga vizuri ni kama wiki 20, na katika muda huo anakula karibu kilo 8 za chakula bila kukupa yai hata moja. Ongeza bei ya kifaranga, chanjo, makaa ya kuwapa joto, na wale waliokufa njiani. Mathe aliweka risiti zake kwa mkebe wa biskuti, Mungu ambariki, na tukapata alitumia 120,000 mpaka kuku 200 wakafika kutaga. Hiyo ni 600 kwa kila kuku. Waliokufa wakiwa wadogo wamo ndani humo, kwa sababu gharama yao lazima ibebwe na waliobaki.

Pesa hiyo hairudi yote kwa mayai. Kuku wakizeeka utawauza kwa nyama. Tuliweka 300 kwa kila mmoja, bei ya tahadhari, hivyo 60,000 itarudi siku hiyo. Inabaki 60,000 ya kurudishwa na mayai. Kwa mayai 150 kwa siku, mwaka mzima ni 54,750. Gawanya, unapata 1.10 kwa yai. Ni kama kila yai linazaliwa na deni la shilingi moja na senti kumi.

Gharama ya mwisho ni zile ndogondogo: maranda ya mbao ya kutandika sakafuni, dawa ya minyoo, stima ya balbu, maji ya boza wakati mfereji umekauka, bodaboda ya kupeleka trei kwa wauza mayai boilo kule stejini. Kwa mwezi ilikuwa 3,600. Ukigawanya kwa mayai 4,500 ya mwezi unapata senti 80.

Jumlisha sasa. Chakula 9.33, deni la kulea 1.10, ndogondogo 0.80. Jumla ni 11.23. Tunauza 11.

Mathe aliangalia daftari kwa muda mrefu. Kuku wake, ambao mimi nilisimama kati yao nikiringa kwa simu, walikuwa wanapoteza senti 23 kwa kila yai. Na hapo hatujalipa mtu yeyote mshahara. Yeye anaamka saa kumi na moja kuwalisha, na hajawahi kujiandikia hata shilingi. Kama angekopa ile pesa ya chama na kuongeza kuku 300, angekuwa anazidisha hasara na kuilipia riba.

Najua mtu ataniuliza, "Lakini kama ni hasara, mbona alikuwa na pesa mfukoni kila wiki?" Swali zuri, na ndilo linalowapoteza wengi. Pesa alikuwa nayo kwa sababu ile 120,000 ya kulea ilishalipwa mwaka uliopita. Kila wiki alikuwa anakula pole pole pesa ya kununulia kuku wafuatao. Siku hawa wakizeeka, angeenda kwa vifaranga wapya na kukuta mkebe hauna kitu, kisha aseme biashara ya kuku siku hizi ni ngumu.

Kitu kizuri cha kujua lishe ya yai moja ni kwamba ikiwa juu, kuna sehemu tatu tu za kutafuta sababu. Ni bei ya kilo, ni gramu ambazo kuku mmoja anatumia kwa siku, au ni mayai machache.

Bei ya kilo ndiyo kila mtu hulalamikia, na ndiyo huna nguvu nayo. Chakula cha kuku ni mahindi na soya kwa sehemu kubwa. Machi 2021 serikali ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, halafu siku chache baadaye ikaruhusu tena kwa masharti. Mfugaji wa Kitengela hakuulizwa. Jambo kama hilo likigusa bei ya gunia, wewe unalipa tu.

Wengi hukimbilia gunia la bei rahisi, na hapo lishe ya yai inakuokoa. Sema kuna gunia la 3,010, kilo ni 43. Kuku akila gramu 120, kwa siku ni 5.16 badala ya 6. Inaonekana umeokoa. Lakini kama protini iko chini na kuku mia wakashuka kutoka mayai 83 hadi 60, yai la gunia ghali limekula 7.23 na yai la gunia rahisi limekula 8.60. Gunia rahisi limekuwa ghali. Kwa hivyo ukijaribu chakula kipya, kipime wiki tatu na ulinganishe kwa yai. Usilinganishe kwa gunia.

Sehemu ya pili ni gramu. Kilo 196 kwa wiki ni kilo 28 kwa siku, na kwa kuku 200 ni gramu 140 kwa kila mmoja. Kuku wa mayai wa rangi ya kahawia hula karibu gramu 120, mara chini kidogo, mara juu kidogo kukiwa na baridi. Zile gramu 20 za ziada hazikuwa zinaingia tumboni. Kwa kuku 200 hizo ni kilo nne kila siku, yaani 200 zinazomwagika.

Kuzitafuta ni rahisi. Tulitandika magunia matupu chini ya vyombo vyote kutoka asubuhi hadi jioni, halafu tukapima kilichoanguka. Zaidi ya kilo mbili na nusu! Vyombo vyetu ni mitungi iliyokatwa, na mimi ndiye nilikuwa nikivijaza hadi mdomoni ili nisirudi tena mchana. Kuku haokoti tu, huwa anachakura kwa mdomo akitafuta vipande vikubwa, na chombo kikijaa anarusha nje. Tulianza kujaza theluthi moja tu, mara tatu kwa siku, na tukavining'iniza hadi ukingo ukawa sawa na mgongo wa kuku. Zile nyingine tulishuku panya na shomoro. Tuliziba mashimo kwa waya na kuacha kulaza chakula kwenye vyombo usiku.

Sehemu ya tatu ni mayai. Wetu walikuwa wanataga kama 76 kwa kila kuku mia, na walikuwa na mwaka mmoja tu. Hiyo ni chini. Tuliangalia maji kwanza, kwa sababu kuku hunywa karibu mara mbili ya anachokula, na maji yakikosekana hata siku moja kwa joto la huku Kajiado mayai hushuka. Maji yalikuwa sawa. Basi tukaingia usiku na tochi, wakati wametulia, tukashika mmoja mmoja.

Kuku anayetaga ana kilemba chekundu na laini kichwani. Ukimgeuza, tundu la kutagia ni pana na lina unyevu, na kati ya ile mifupa miwili ya nyonga vidole vyako viwili au vitatu vinaingia. Asiyetaga kilemba chake kimefifia na kusinyaa, tundu ni dogo na kavu, na kati ya mifupa kidole kimoja kinabana. Mara nyingi pia miguu na mdomo vinabaki na rangi ya njano, wakati anayetaga sana rangi hiyo hufifia. Tulipata 20 wenye dalili zote. Kuku 20 walikuwa wanakula kila siku na kulala. Mathe aliwauza kwa nyama wiki hiyo. Lakini kabla uuze wako, tazama kama ni wagonjwa au wananyonyoka manyoya, kwa sababu kuku anayebadilisha manyoya huacha kutaga kwa muda kisha anarudi. Na wakiacha wengi kwa ghafla, usishike kisu, mwite daktari wa mifugo.

Wiki tatu baadaye tulipima tena. Kuku walikuwa 180. Chakula kilichotumika ni kilo 151, yaani 7,550. Mayai yaliyouzika yalikuwa 1,046, karibu yaleyale ya mwanzo. Gawanya: 7.22 kwa yai. Ongeza 1.10 na 0.80, unapata 9.12. Sasa yai la 11 linatuachia 1.88.

Kwa siku hiyo ni kama 280, kwa mwezi kama 8,400. Bei ya gunia haikubadilika hata shilingi. Bei ya trei pia haikubadilika. Hatukuongeza kuku, tulipunguza.

Kutoka kwa hesabu hiyo mathe sasa ana mistari miwili ameandika kwa ukuta wa banda kwa chaki. Wa kwanza ni 66. Kwa bei za sasa na gramu 120, kuku mia wakitaga chini ya mayai 66 kwa siku, lishe ya yai inapita 9.10, na faida ya kweli imeisha. Hapo bado anapata pesa kidogo, lakini hairudishi yote aliyotumia kuwalea. Wa pili ni 59. Chini ya hapo mayai hayalipi hata chakula na gharama za mwezi, anatoa mfukoni. Wakifika hapo kwa sababu ya uzee, wanauzwa, hata kama tumewazoea. Na bei ya gunia au ya trei ikibadilika, mistari inafutwa na kupigwa upya, kwa sababu haikuandikwa na Mungu. Wako wewe utatofautiana na wetu.

Mathe hakukopa. Alisema ataongeza kuku akiona lishe ya yai imekaa chini ya 7.50 kwa miezi mitatu mfululizo, na pesa ya vifaranga itoke kwa ile 1.10 anayoweka kando sasa kila wiki kwa simu. Mimi nilitaka aongeze mara moja ili nipate vidio ingine. Akaniambia, "Kamera yako haili, kuku wangu wanakula."

Kwa komredi wangu wa HELB: kuku 100 kwa hesabu yetu nzuri, ile ya baada ya kurekebisha, watakupa kama 4,700 kwa mwezi, na hiyo ni baada ya wiki 20 za kulisha bila yai. Kulea tu kutakula kama 60,000. Kama hiyo bado inakufaa, karibu Kitengela nikuonyeshe jinsi ya kupima, njoo na daftari. Kama ulikuwa unafikiria ile 49,500, hiyo ilikuwa kelele yangu. Vidio nimeishusha leo asubuhi.